TAHADHARI: Mkodishaji wa maboksi ya nguzo Goba na Madale, kanivulia nguzo usiku zege bado bichi

Wakuu naandika nina hasira kwa hiyo mtanivumilia. Kuna jamaa anazunguka na pikapu kwenye site za Goba, Madale na huko juu Mbezi, anakodisha maboksi ya marinbodi ya kumwagia nguzo pamoja na vijana wake wa kufunga na kufungua, bei yake nusu ya wengine wote. Msimchukue. Site yangu wengi mnaijua, na yaliyonikuta kwenye msingi sirudii, naanzia kwenye nguzo.

Kabla hamjaanza kunicheka niwaambie kwa nini nilimwamini. Alikuja na timazi. Mafundi wangapi siku hizi wanakuja na timazi, wengi wanaegesha pima maji fupi kwenye ubao wanasema bosi iko freshi. Huyu akapigilia kipande cha mbao juu ya boksi, akaning'iniza uzi sentimita 5 kutoka kwenye uso wa ubao, ile risasi ya timazi akaitumbukiza kwenye ndoo ya maji ili upepo usiiyumbishe, akasubiri mpaka ikatulia kabisa. Ndo akaniita, "Bosi njoo ushuhudie mwenyewe, mi sitaki maneno baadaye." Akaweka futi chini, sentimita 5. Akapanda juu akapima tena, 5. "Hii nguzo ikitoka imepinda nirudishie hela yako yote." Nikapiga na picha nikamtumia shemeji, shemeji akajibu huyo ndo fundi. Sasa wewe ungekataa?

Kumbe alipima upande wa barabarani tu. Uzi unaopimwa kutoka upande mmoja unakwambia nguzo inalalia barabarani au inalalia uani, basi, haukwambii kama inalalia kwa jirani. Ilitakiwa azunguke kona apime na upande unaofuata, zile pande mbili zinazokutana kwenye kona, na hapo ndo boksi lilikuwa halina hata mrunda mmoja wa kulisimamisha. Mirunda aliweka barabarani na uani tu, na ya uani alikuwa ameiegesha kwenye matofali juu ya mchanga, hakuna kigingi, hakuna kabari. Nilimuuliza, nakumbuka nilimuuliza, akasema "zege lenyewe lina uzito bosi, litajisimamisha."

Hilo jibu injinia aliponisikia nalirudia alicheka vibaya. Zege bichi linasukuma pembeni kama maji, tena ni zito mara mbili na zaidi ya maji, mita moja ya ujazo ni kama kilo 2400. Nguzo zangu zina mita 2.8 na tulimwaga kwa mkupuo mmoja, na vaibreta juu. Akanipigia hesabu palepale kwenye kipande cha boksi la saruji, kwamba chini kabisa ya nguzo, kipande cha ubao cha sentimita 30 kwa 30 kinasukumwa na zaidi ya kilo 500. Ndo maana klampu za kubana boksi zinatakiwa zikaribiane chini na ziachane kidogo juu. Za huyu jamaa zilikuwa zimeachana sentimita 60 kuanzia chini mpaka juu. Chini nguzo tatu zimevimba kama zina mimba, na ile ya kona imelala kwa jirani sentimita 4 kutoka chini hadi juu. Injinia anasema ikizidi milimita 15 yeye anaanza kuuliza maswali, hii 40 hata haulizi.

Na hilo lingeonekana mapema tu! Timazi inatakiwa irudiwe mara baada ya kumwaga, zege likiwa bado bichi, unagonga kabari unalirudisha boksi taratibu. Likishashika umechelewa, ukilisukuma unalipasua ndani. Yeye tulipomaliza ndoo ya mwisho saa kumi na moja jioni alikuwa ameshaingia kwenye pikapu anapokea simu.

Sasa sikieni. Saa nne usiku mlinzi wangu ananipigia, anasema bosi vijana wako wanafungua. Wanafungua nini? Nguzo. Saa tano tu tangu ndoo ya mwisho. Nampigia jamaa ananiambia kwa sauti ya usingizi "bosi hiyo saruji ya siku hizi inawahi kukauka, maboksi yanaenda site nyingine alfajiri." Yaani nusu bei yake ndo hiyo wakuu, maboksi yaleyale anayazungusha site tatu kwa siku mbili, anayokupunguzia kwenye hela anayachukua kwenye muda wa zege lako.

Nilipofika asubuhi sikuongea. Kona zimemeguka, nguzo moja nondo zinachungulia, na kwa kuwa ubao ulikuwa umeng'ang'ania walikuwa wanatia mtaimbo wanatikisa boksi zima mpaka liachie. Ukitikisa boksi unatikisa na nguzo. Karibu na chini kuna nyufa za kulala zimezunguka nguzo mbili, na injinia ananiambia hizo ndo mbaya kuliko kona zote zilizomeguka, maana zege limeachana na nondo na ukiziba kwa plasta umeficha tu.

Alivyonieleza, kwa joto letu hili la Dar ubao wa pembeni wa nguzo unaweza kutoka kuanzia masaa 12 baada ya kumwaga, maana pale haubebi mzigo, unashikilia umbo tu. Yeye mwenyewe anataka saa 16 mpaka 24, na saa zinahesabiwa kutoka ndoo ya mwisho sio kutoka asubuhi mlipoanza. Saruji ikiwa ya 32.5 na kukiwa na mvua anasubiri zaidi. Halafu unaanza kufungua nguzo moja, ubao ukitoka na zege au kona ikimeguka unafunga unaondoka. Zikishatoka unazungushia magunia unayamwagia maji wiki nzima. Chini ya bimu na slabu usiguse kwa saa hizo, kule mirunda ndo inabeba, ni wiki mbili au tatu kutegemea na urefu. Na huyu mshenzi alikuwa ameshaniambia ya bimu atakuja kuitoa siku ya tatu! Tungezikwa. Ghorofa la Kariakoo lilianguka Novemba 2024 tukalia wote, halafu watu kama hawa bado wanatembea na pikapu.

Ishara za kumjua: anakataa kuandikishana muda wa kufungua, anasema "tutaelewana". Mirunda pande mbili tu. Anapenda sana kupigwa picha akiwa na timazi. Ana hadithi za maghorofa aliyojenga ila hakupeleki hata moja. Basi.

Hela kagoma kurudisha, anasema nguzo zilipimwa nikishuhudia. Nimeenda polisi, wakaniambia hiyo ni kesi ya madai, kwa hiyo mtu anakuvulia nguzo usiku familia yako ilale chini yake halafu ni madai! Huyu anatakiwa anyang'anywe maboksi yachomwe moto mbele yake, alazwe chini ya ile bimu aliyotaka kuitolea mirunda siku ya tatu, tuone kama atalala usingizi ule alionijibu nao kwenye simu.

Nguzo tatu zinabomolewa na nondo za kuanzia chini nataka zibaki salama. Mwenye kumjua mtu wa uhakika wa kubomoa kwa mkono bila kukata nondo aniandikie, na aje na bei ya ukweli.