Kukagua hati ya malipo mezani au kupima upya eneo la kazi

Ukaguzi wa mezani wa hati ya malipo ya mkandarasi wa barabara hufuatilia hesabu: kiasi kilichopimwa huzidishwa kwa bei ya mkataba, hukatwa fedha ya zuio, yaani sehemu ya malipo inayobakizwa kama dhamana ya kazi, kisha huondolewa malipo yaliyotangulia, kwa kuwa kila hati hujumlisha kazi tangu mwanzo. Huo hunasa upesi malipo yaliyorudiwa, lakini hauoni barabara.

Chukua tabaka la changarawe la mita 2,000 kwa 7, lenye unene wa mita 0.15 baada ya kushindiliwa, yaani mita za ujazo 2,100. Hati inaonyesha 2,520, na hesabu zake zote ni sahihi, hata zuio la asilimia 10. Mkaguzi anayechimba vishimo na kupima unene ndiye anayegundua kwamba msimamizi alihesabu ujazo wa malori, wakati changarawe ilikuwa bado haijashindiliwa, ilhali mkataba unalipia iliyoshindiliwa. Zuio haliponyi kosa hilo, kwani limekata sehemu ndogo tu ya ziada iliyolipwa.

Mimi ningeanza na vishimo kwa vipengele vyenye fedha nyingi. Kwa msingi uliokwisha kufukiwa, hata hivyo, tegemeo ni karatasi za vipimo zilizosainiwa na pande zote mbili kabla ya kufukia.