Stabiliti au Nyutro? Alama ya Unyayo Isikuchagulie Kiatu

Habari zenu watazamaji, karibuni tena. Mezani nina viatu viwili vya kukimbilia, kimoja stabiliti, chenye kizuizi upande wa ndani, kingine nyutro, kisicho na kizuizi hicho, na leo nataka tuvishike kabisa, maana swali ninaloulizwa kuliko yote na watu wanaoanza kukimbia ni hili: "Mguu wangu unalala ndani, je, ni lazima ninunue stabiliti?"

Kwanza tuelewane kuhusu huko kulala ndani. Unapokimbia, wengi wetu tunatua kwa ukingo wa nje wa kisigino, kisha mguu unajiviringisha kuelekea ndani huku upinde wa unyayo ukishuka kidogo. Hiyo ndiyo pronesheni. Si ugonjwa, ni namna mguu unavyopunguza kishindo. Kila mtu anayo, tofauti ni kiasi. Na hapa niseme jambo moja linalopotosha wengi: soli ikilika upande wa nje wa kisigino, watu hudhani mguu wao unaelemea nje. Hapana. Soli hulika hapo kwa sababu ndipo inapogusa ardhi kwanza, hata kwa mtu ambaye mguu wake unalala ndani sana.

Sasa angalieni kiatu hiki cha kulia, ndicho stabiliti. Nakigeuza muone ubavu wa ndani, chini ya upinde. Nabonyeza sponji kwa dole gumba upande wa nje: inabonyea. Nahamia upande wa ndani: ngumu, dole halizami. Hiyo sponji ngumu imewekwa makusudi ili mguu ukitaka kulala ndani ukute kizuizi. Kuna matoleo mapya yasiyo na sponji mbili, badala yake yana kuta zilizoinuka pembeni ya kisigino au soli iliyopanuliwa, lakini kazi ni ileile. Hiki cha kushoto ni nyutro. Nabonyeza ndani, nabonyeza nje, sawasawa.

Kwa miaka mingi mauzo yalienda hivi: unalowesha mguu, unakanyaga karatasi, alama ikionyesha unyayo mzima bila upinde unapewa stabiliti, ikionyesha upinde unapewa nyutro. Tatizo la kwanza ni kwamba alama ile inaonyesha mguu ukiwa umesimama tu. Haisemi kifundo kinafanya nini ukiwa unakimbia. Kuna watu wenye unyayo bapa ambao kifundo chao hakiyumbi, na wenye upinde mrefu ambao kifundo kinalala kweli.

Tatizo la pili ni kubwa zaidi, nalo lilionekana Denmaki. Watafiti walichukua watu 927 wanaoanza kukimbia, wakapima miguu yao, kuanzia inayoelemea nje hadi inayolala ndani, halafu wote wakapewa kiatu kimoja cha nyutro. Kwa mwaka mzima walifuatiliwa kwa saa za jipiesi. Kama kanuni ya dukani ni kweli, wenye miguu inayolala ndani walipaswa kuumia mapema kuliko wengine. Haikuwa hivyo. Watu 252 waliumia, lakini umbali waliokimbia kabla ya kuumia haukutofautiana kwa maana kati ya aina za miguu. Tena ukihesabu majeraha kwa kila kilomita 1,000, wenye kulala ndani waliumia kidogo kuliko wenye mguu wa kawaida. Matokeo yalitoka mwaka 2014, na yanatugusa moja kwa moja kwa sababu hao walikuwa wanaoanza, si wanariadha. Ila mkumbuke, waliokuwa na mguu unaolala ndani kupita kiasi walikuwa wachache sana, kwa hiyo kwa hao utafiti hauwezi kusema kwa uhakika.

Upande wa pili nao nausema, sitaki kuwaficha. Mwaka 2016 ulitoka utafiti wa Luksemburgi, wakimbiaji 372 kwa miezi 6. Nusu walipewa kiatu chenye kizuizi cha ndani, nusu cha kawaida, bila wao kujua wamepata kipi. Waliovaa chenye kizuizi waliumia kidogo, na faida ilionekana zaidi kwa wenye mguu unaolala ndani. Kwa hiyo akija mtu kuwaambia stabiliti ni uongo mtupu, msimkubalie. Ninavyozisoma tafiti hizi mbili kwa pamoja ni hivi: mguu kulala ndani peke yake haukunyimi nyutro, ila ukiwa na mguu wa namna hiyo na stabiliti ikakukaa vizuri, una sababu nzuri ya kuichukua.

Basi kinachoamua ni nini? Starehe, lakini starehe iliyopimwa, si ya kukaa kwenye stuli na kuchezesha vidole. Niwasimulie jinsi nilivyomnunulishia mdogo wangu wa kike kiatu chake cha kwanza. Unyayo wake ni bapa kabisa, na duka moja lilishamwambia asithubutu kuvaa nyutro. Tulikwenda jioni, maana miguu huvimba kidogo kutwa, na alivaa soksi zake za kukimbilia. Kwanza saizi: akisimama wima, nafasi ya upana wa dole gumba mbele ya kidole kirefu. Kisha tukafanya jambo ambalo nawaomba mlifanye: stabiliti mguu mmoja, nyutro mguu wa pili, akakimbia polepole dakika 2 au 3, halafu tukabadilisha miguu. Kubadilisha ni lazima, kwa sababu mguu wa kulia na wa kushoto si mapacha.

Nilimuuliza maswali mawili tu. Je, kuna kitu kinakusukuma chini ya upinde? Je, kisigino kinatulia au unahisi unasimama juu ya godoro? Kwenye stabiliti alijibu papo hapo: kuna kitu kama kijiwe kinanibonyeza hapa, akaonyesha katikati ya upinde. Miguu yote miwili, jibu lilelile. Hicho si kitu cha kuzoea. Kinachobonyeza dukani ndicho kinacholeta malengelenge ya upinde kwenye kilomita ya 4. Akachukua nyutro, ila si ile laini sana. Tuliiacha ile laini kwa sababu nilipoibonyeza kisigino kutoka ubavuni ilijipinda yote, na kwa mguu unaolala ndani sponji ya namna hiyo huanza kuinama upande mmoja.

Jibu la mdogo wangu lingekuwa tofauti, nami ningemchukulia stabiliti bila kusita. Ningefanya hivyo pia kwa mtu aliyewahi kuumwa kwa muda mrefu nyuma ya fundo la ndani la mguu, hapo kano inayoshikilia upinde inapopita, na kwa mtu anayevaa stabiliti tangu zamani bila shida. Huyo asibadilishe kwa sababu ya video yangu. Na mwenye maumivu sasa hivi amwone daktari au mtaalamu wa viungo kabla ya kwenda dukani.

Ukishanunua, kila baada ya wiki chache weka viatu mezani, uvitazame kwa nyuma, macho yakiwa usawa wa kisigino, hivi. Mstari wa katikati ya kisigino unapaswa kusimama wima. Ukiona viatu vyote viwili vimelalia ndani wakati bado vipya, sponji hiyo haikuwezi, na kinachofuata chukua ngumu kidogo. Ukianza kuumwa ukingo wa ndani wa ugoko wakati kiatu kimesimama wima, usikimbilie kukilaumu. Fungua kumbukumbu zako uone umekimbia kiasi gani wiki 2 zilizopita. Mdogo wangu aliumwa hapo mwezi wa pili, na tulipotazama alikuwa ametoka kilomita 9 kwa wiki hadi 20. Alirudi kwenye 9, akapumzisha mguu siku chache, maumivu yakaisha ndani ya kiatu kilekile cha nyutro.