Memori kadi ya kamera ya gari na ya ulinzi: ipi ununue ili isikufie njiani

Mwezi Mei mwaka jana dereva mmoja wa teksi ya mtandaoni alinipigia simu kutoka Ubungo. Bodaboda ilikuwa imemgonga ubavuni, na mwenye boda alikuwa akiapa mbele ya trafiki kwamba gari ndilo lililohama njia. "Fundi, ile kamera uliyonifungia ndiyo itakayoniokoa," aliniambia. Nikamwambia achomoe kadi aniletee.

Nilipoipachika kwenye kompyuta, faili la mwisho lilikuwa la tarehe 19 Machi. Kwa wiki saba kamera ilikuwa ikiwasha taa yake kila asubuhi, na hakuna kilichokuwa kikiandikwa. Nikaifomati kadi, kompyuta ikasema imemaliza. Nikaichomoa na kuirudisha, na mafaili yote yalikuwa palepale, yale yale ya Machi. Kadi ilikuwa imejifunga: inasomeka, haiandikiki. Ilikuwa ya kawaida, ya GB 32, na niliichagua mimi mwenyewe mwishoni mwa Julai kwa sababu ilikuwa rahisi. Tangu siku hiyo sifungi kamera bila kupiga kwanza hesabu nitakayoieleza hapa.

Kwa nini zinakufa

Ndani ya kadi data hukaa kama chaji ya umeme iliyofungiwa kwenye seli ndogo sana. Ili kuandika upya ni lazima kwanza kufuta, na kadi haifuti seli moja moja, hufuta bloku nzima. Kila safari ya kufuta na kuandika, umeme husukumwa kwa nguvu kupita kwenye utando mwembamba wa kuhami, na utando huo huchakaa kidogo kidogo mpaka ushindwe kushika chaji. Kadi nyingi za bei nafuu hubeba biti tatu katika kila seli, maana yake seli moja inapaswa kutofautisha viwango vinane vya chaji. Utando ukichakaa kidogo tu, viwango huanza kuchanganyika.

Kwenye simu au kamera ya picha hilo hulioni, kwa sababu unajaza kadi mara chache kwa mwaka. Kamera ya gari na ya ulinzi hazina mapumziko. Kadi ikijaa, zinafuta video ya zamani na kuandika juu yake. Kidhibiti kilichomo ndani ya kadi hujaribu kugawa kazi ili bloku zichakae kwa pamoja, na kina bloku chache za akiba za kuziba mapengo. Akiba ikiisha, kadi nyingi hufanya kama ile ya Ubungo: zinagoma kuandika ili zilinde kilichomo.

Hesabu ya ile kadi

Kamera yake ilikuwa ya Full HD, ikirekodi kwa megabiti 15 kwa sekunde. Hiyo ni kama GB 6.75 kwa saa. Dereva alikuwa barabarani saa 10 kwa siku, kwa hiyo kila siku ziliandikwa GB 67 na ushei. Kadi ya GB 32 ilijazwa na kufutwa zaidi ya mara mbili kwa siku. Kutoka mwisho wa Julai mpaka 19 Machi ni siku 235 hivi, yaani takribani mizunguko 500. Kwa kadi ya kawaida ya bei nafuu, huo ni umri wa kustaafu.

Angalia kitu kimoja hapo: kama kadi ileile ingekuwa ya GB 128, ingezunguka mara moja tu kila siku mbili. Ukubwa wa kadi ni umri wake, kabla hata hujauliza ni ya aina gani.

Namna ya kusoma saa za uvumilivu

Watengenezaji wa kadi za uvumilivu, zile zenye neno Endurance usoni, hawaandiki mizunguko. Wanaandika saa za kurekodi. Samsung na SanDisk wote wawili hupima kwa video ya Full HD ya megabiti 26 kwa sekunde, sawa na GB 11.7 kwa saa, kwa hiyo saa zao unaweza kuzilinganisha moja kwa moja. Ukikutana na kampuni nyingine, tafuta maandishi madogo chini ya ukurasa wake. Saa 20,000 zilizopimwa kwa megabiti 13 ni sawa na saa 10,000 za megabiti 26. Asiyesoma hapo ataona kadi moja ina umri maradufu, kumbe ni zilezile.

Alama za U3, V30 na A2 hazihusiani kabisa na uvumilivu. Ni za kasi. Wauzaji wengi watakuambia "hii ni V30, inafaa kwa kamera," na wala hawakudanganyi, ila wanajibu swali lingine. Kadi inaweza kuwa na kasi ya kurekodi 4K na bado ikafa ndani ya mwaka.

Nafasi ya kwanza: Samsung PRO Endurance au SanDisk MAX Endurance, GB 128

Ndizo ninazofunga kwenye magari ya biashara. Samsung ya toleo la 2022 imeandikiwa saa 70,080 kwa GB 128, na MAX Endurance ya ukubwa huo saa 60,000. Ukizigeuza kuwa mizunguko, Samsung inafika 6,400 na SanDisk inakaribia 5,500. Kwa dereva wangu wa saa 10, hata kamera yake ingekuwa ya megabiti 26, hizo ni zaidi ya miaka 16. Sisemi kadi itaishi hivyo, maana jua na kuchomoa-chomeka vitaiwahi. Ninachosema ni kwamba kuandika upya hakutakuwa tena ndicho kinachoiua.

Kati ya hizo mbili mimi huchukua ile ninayoweza kuithibitisha kuwa halisi. SanDisk ina dhamana ndefu zaidi kwa ukubwa huo, miaka 10 dhidi ya 5 ya Samsung, lakini dhamana ina maana kama una risiti na muuzaji anayetambulika.

Nafasi ya pili: SanDisk High Endurance, GB 128 au 64

Majina yanachanganya, kwa hiyo soma taratibu: High siyo MAX. High Endurance ya GB 128 imeandikiwa saa 10,000, ya GB 64 saa 5,000, na ya GB 32 saa 2,500 tu. Ni mizunguko 900 hivi. Kwa teksi, ile ya GB 128 itakufikisha miaka minne na ushei kwa kamera ya megabiti 15, jambo ambalo si baya. Ile ya GB 32 haitafika hata mwaka na nusu.

Kwa kamera ya waifai ya nyumbani au dukani, hapa ndipo ningekwambia usimame, usipoteze hela kupanda juu zaidi. Kamera hizo nyingi hubana video sana, na ya Full HD hurekodi kwa megabiti 2 hivi kwa sekunde. Hata ikirekodi usiku na mchana ni GB 21 hadi 22 kwa siku. High Endurance ya GB 64 kwa mwendo huo ina zaidi ya miaka saba kwenye karatasi, na inakuwekea karibu siku tatu za video. Ukitaka siku nyingi zaidi za kurudi nyuma, nunua ya GB 128 kwa sababu hiyo, siyo kwa hofu ya uchakavu. Kabla ya kununua, soma kitabu cha kamera: nyingine hazipokei zaidi ya GB 64 au 128.

Nafasi ya tatu: kadi kubwa ya kawaida

Kama mfuko haukuruhusu, kadi halisi ya kawaida ya GB 128 kwenye kamera ya nyumbani inayorekodi pale tu kitu kinapopita inaweza kukaa miaka kadhaa. Kwenye gari la biashara, hapana. Pia soma masharti ya dhamana: kadi nyingi za kawaida huondoa waziwazi matumizi ya kurekodi mfululizo, hivyo ikikufia huna pa kudai.

Kadi ya kawaida ya GB 32 kwenye gari linalofanya kazi kutwa siiweki kwenye orodha. Nilishaona inavyoishia.

Ithibitishe kabla hujaipachika

Kadi feki ndiyo hasara kubwa kuliko zote. Kibandiko kinasema GB 128, ndani kuna GB 8, na kidhibiti kimefundishwa kudanganya kompyuta. Video za mwanzo zinaingia vizuri, kisha zinaanza kuandikwa juu ya zenyewe au kupotelea hewani. Kuangalia ukubwa kwenye skrini hakusaidii. Dawa ni kuijaza yote na kuisoma tena. Kwenye Windows tumia programu ya H2testw. Kwenye Linux au Mac tumia programu ya F3 kwa amri hizi mbili kwenye terminal, ukiweka njia ya kadi yako mahali pa `/media/kadi`:

```
f3write /media/kadi
f3read /media/kadi
```

Kwa GB 128 zoezi hili linaweza kuchukua saa moja au zaidi, na linatumia mzunguko mmoja tu wa umri wa kadi. Mstari wa `Data LOST` ukionyesha chochote zaidi ya sifuri, irudishe siku hiyohiyo.

Kadi ikipita, ifomati ndani ya kamera yenyewe, siyo kwenye kompyuta. Kisha kama ni ya gari, shusha kiwango cha kihisi cha mtikisiko mpaka cha chini. Kwenye barabara zetu zenye mashimo, kihisi kikali huchukulia kila shimo kuwa ajali na kuifungia video hiyo isifutwe. Baada ya wiki chache nusu ya kadi imejaa video za mashimo, na nusu iliyobaki ndiyo inayozungushwa maradufu. Na ukiegesha juani mchana kutwa, elekeza kioo cha mbele upande wa kivuli. Kadi nyingi zimeandikiwa kuvumilia nyuzi 85, lakini kamera iliyobandikwa kwenye kioo chenye jua huongeza joto lake yenyewe juu ya lile la gari.

Kadi imekufa, au imevurugika tu?

Kamera ikikataa kadi, usiitupe haraka. Umeme ukikatika ghafla katikati ya kuandika, mpangilio wa mafaili huvurugika na kamera hudai ifomatiwe. Ifomati, rekodi dakika kumi, kisha tazama video kwenye kompyuta. Ikicheza vizuri, kadi ni nzima. Lakini ikiomba kufomatiwa tena ndani ya wiki ileile, video zikikatikakatika, au faili ulilofuta likirudi baada ya kuchomoa na kuchomeka, hiyo imeisha.

Dereva wa Ubungo sasa ana PRO Endurance ya GB 128. Nimeandika tarehe ya kuifunga kwa kalamu ya wino mgumu pembeni mwa kamera, na kila tarehe mosi hunitumia kipande cha video ya asubuhi hiyo kwa WhatsApp, sekunde ishirini tu, nione tarehe iliyoandikwa kwenye kona.