Ruta yangu ya 4G: safu ya "Upload" ndiyo iliyoniokoa

Nafundisha Kiswahili kwa video, wanafunzi wangu wako nje ya nchi, nami niko nyumbani Chumbageni, Tanga. Ruta hii nimekaa nayo miezi minane. Mchana haina neno: nikipima kasi napata karibu 20 Mbps za kupakua na 4 za kupakia. Ila mwezi uliopita, kila ikifika saa mbili usiku, sauti yangu ilianza kukatika. Wanafunzi nawasikia vizuri kidogo, wao wananisikia vipandevipande. Nikahamishia ruta dirishani, nikaongeza bando, hali ikabaki ileile.

Usiku mmoja, tatizo likiwa limepamba moto, nilifungua kompyuta nikaandika amri mbili:

```
ping 192.168.1.1
ping 8.8.8.8
```

Ya kwanza inauliza ruta yenyewe, ikajibu kwa milisekunde 3. Ya pili inatoka nje kwenye intaneti, ikajibu kwa 900 na zaidi, wakati mchana huwa 60 hivi. Hapo nikajua waifai ya ndani ni nzima. Foleni iko mlangoni, pale data inapotoka nyumbani kwenda nje.

Nikaingia kwenye ukurasa wa ruta, 192.168.1.1, nikafungua "Connected Devices". Vilikuwa vifaa saba. Kwanza nilipotea, kwa sababu macho yalikwenda kwenye jumla ya data, na televisheni ndiyo iliyoongoza. Nikaizima. Ping haikushuka hata kidogo. Ile jumla ilikuwa ya filamu za juzi na jana. Haisemi nani anatumia sasa hivi. Cha kutazama ni safu ya kasi ya wakati huo, na kwangu mimi ilikuwa ya "Upload". Humo kifaa kimoja kilikuwa kinapakia kwa 3.8 Mbps mfululizo. Vingine vyote havikufika hata 0.1.

Kifaa hicho hakikuwa na jina, kilikuwa na anwani ya MAC tu, yaani namba ya utambulisho wa kifaa, iliyoanza na DA. Nilidhani jirani kaipata nywila yangu. Kumbe simu za siku hizi hujitungia anwani ya bandia kwa kila waifai, na dalili yake ni herufi ya pili: ikiwa 2, 6, A au E, anwani hiyo si ya kiwandani. Nikazunguka nyumbani, nikifungua maelezo ya waifai kwenye kila simu na kulinganisha. Ilikuwa ya Salimu, mtoto wa kaka, aliyekuja kukaa nasi kutoka Muheza.

"Shangazi, mimi hata siishiki, iko kwenye chaji," akaniambia. Na kweli ilikuwa mezani, kioo kimezimika. Tukafungua Google Photos, akabonyeza picha yake pale juu kulia, tukaona inahifadhi nakala. Alikuwa amepiga video za harusi ya dada yake, na zilikuwa zimebaki kama GB 18. Akirudi kutoka kazini jioni, simu inaikamata waifai na kazi inaendelea ilipoishia.

GB 18 ni megabiti 144,000. Kwa megabiti 4 kwa sekunde, hiyo ni saa kumi nzima za kupakia bila kupumzika. Na njia ya kwenda juu ikijaa, hata kupakua kunazorota, kwa sababu mafurushi ya data yanayoingia kwa kawaida hurudishiwa risiti, na risiti nazo zinapanga foleni nyuma ya video za harusi.

Tulipozima "Backup", niliirudia ping ya pili palepale: 58.

Sikumzuia kwenye ruta. Harusi ya dada yake ni kumbukumbu, na simu ikijitungia anwani nyingine kizuizi hakiishiki. Tulikubaliana aiwashe saa nne, nikishamaliza kipindi, aizime asubuhi. Usiku wa kwanza zilikwenda karibu GB 14, wa pili zikaisha.

Lawama yangu kwa ruta ni moja: ukurasa huo haujisasishi. Lazima ubonyeze mwenyewe kila mara, la sivyo unasoma namba za dakika tano zilizopita. Ruta yangu ya zamani haikuwa na safu ya kasi kabisa, ilionyesha majina tu. Ukiwa na ya namna hiyo, iache ping ikikimbia bila kukoma, kwenye Windows kwa kuandika `ping -t 8.8.8.8`, na utoe vifaa kwenye waifai kimoja kimoja, ukikipa kila kimoja sekunde kumi. Namba ikiporomoka ghafla, umempata. Wiki iliyopita kompyuta ya mume wangu ilikuwa inashusha sasisho kubwa la Windows. Hiyo ilijaza safu ya "Download", sauti yangu ikabaki safi, nikaiacha imalize.