Uzoefu wangu na VPN inayosema "imeunganishwa" huku haipitishi kitu: barua kwa kitengo chenu cha msaada

Ndugu wahusika,

YAH: VPN KUUNGANISHWA BILA KUPITISHA KURASA WALA NYARAKA KWENYE LAINI YA SIMU, TANGA

Nawaandikia kuhusu tiketi yangu mliyoifunga wiki chache zilizopita kwa maelezo kwamba "mteja hakutoa ushirikiano". Naomba ifunguliwe upya, na naomba safari hii isomwe na mtu anayeelewa mtandao kabla ya kunijibu, kwa kuwa majibu niliyoyapata awali yalikuwa yameandikwa kabla hata sijauliza.

Nafanya kazi katika ofisi ndogo hapa Ngamiani, Tanga, inayoandaa nyaraka za mkonge unaosafirishwa nje. Mnunuzi wetu wa Ulaya anapokea ankara, hati ya kupakia meli na cheti cha afya ya mimea kupitia mfumo wake, na mfumo huo haumruhusu mtu kuingia isipokuwa anatoka kwenye anwani moja ya IP isiyobadilika. Anwani hiyo ndiyo niliyoinunua kwenu, na ndiyo niliyoitaja TCRA nilipotoa taarifa za matumizi yangu ya VPN, kama tangazo lao la Oktoba 2023 lilivyotutaka. Nasema haya mapema ili asitokee tena mtu wa kuniambia nibadilishe seva. Kwangu mimi, seva nyingine ni sawa na kutokuwa na huduma kabisa.

Tatizo lenyewe ni hili. Natumia Windows 11, programu yenu ikiwa imesasishwa, na itifaki ya WireGuard. Nikibonyeza kitufe, alama inageuka kijani mara moja na programu inasema imeunganishwa. Katika kumbukumbu za programu naona mistari `Receiving handshake response from peer 1` na `Keypair 1 created for peer 1`, maana yake seva yenu na kompyuta yangu zimekwisha kusalimiana na kukubaliana funguo. Ping za kawaida zinajibiwa. Ujumbe mfupi wa maandishi unakwenda. Lakini nikifungua ukurasa wa mnunuzi, kivinjari kinabaki kikizunguka juu ya karatasi nyeupe mpaka kinakata tamaa, na picha niliyoituma kwa WhatsApp inabaki na kiduara chake bila kusogea. Nikizima VPN, kila kitu kisichodai anwani ile kinafunguka. Hali ni hiyo hiyo asubuhi na usiku, kwa hiyo si msongamano wa saa fulani. Rekodi niliyoiambatisha ni ya saa 4 asubuhi kwa saa zetu, yaani 07:00 UTC katika kumbukumbu zenu.

Sasa niwaeleze kilichoniudhi, kwa sababu hakihusu hasira yangu peke yake, kinahusu usalama wa wateja wenu wote. Mhudumu wenu wa kwanza aliniambia niifute programu na kuisakinisha upya. Nilifanya hivyo. Aliniambia nizime kizuia virusi. Nilifanya hivyo pia, ingawa sikuona uhusiano wowote. Kisha akaniandikia, neno kwa neno, nimtumie faili zima la usanidi "kama lilivyo". Faili hilo lina mstari unaoanza na `PrivateKey`. Yeyote aliye na ufunguo huo wa siri anaweza kujiunga na seva yenu kama mimi, na akatokea duniani kwa anwani ile ile ambayo mnunuzi wangu anaiamini na ambayo mamlaka inajua ni yangu. Nilimjibu kwa adabu kwamba ufunguo wangu wa wazi, unaotokana na huo wa siri, unatosha kabisa kunitambua katika seva yenu, na nikamtumia huo pamoja na faili ambalo mstari wa siri nimeuondoa. Jibu lake lilikuwa kwamba tatizo liko kwenye "mtandao wa nchi yako", na tiketi ikafungwa. Salamu hakuna, pole hakuna. Mtu aliyelipa huduma kwa mwaka mzima anaambiwa hakutoa ushirikiano kwa sababu amekataa kutoa ufunguo wa nyumba yake.

Kwa kuwa hamkutaka kuchunguza, nilichunguza mwenyewe. Kwanza nilichukua kompyuta hiyo hiyo, bila kubadili chochote, nikaenda nayo kwa jirani mwenye duka la fotokopi anayetumia faiba. Pale VPN yenu ilifanya kazi vizuri sana. Niliporudi kwenye ruta yangu ya laini ya simu, ikagoma. Kwa hiyo akaunti yangu ni nzima, seva yenu ni nzima, na kompyuta yangu ni nzima. Tofauti iko njiani.

Pili, nikiwa kwenye laini ya simu na VPN ikiwa imezimwa, nilipima ukubwa wa pakiti inayoweza kupita bila kukatwa vipande. Amri ni hizi:

```
ping -f -l 1472 1.1.1.1
ping -f -l 1372 1.1.1.1
```

Kialama cha `-f` kinakataza pakiti kukatwa, na `-l` kinataja baiti za mzigo. Juu ya mzigo huo huongezeka baiti 28 za vichwa vya pakiti. Kwa 1472, ambayo jumla yake ni 1500, nilipata `Request timed out.` kila mara. Kwa 1372, ambayo jumla yake ni 1400, majibu yalirudi yote. Nikiongeza baiti moja tu, kimya. Tazameni kwamba sikupata ujumbe wa `Packet needs to be fragmented but DF set.` Ujumbe huo ungeonyesha kuwa kompyuta yangu imejulishwa kwamba pakiti ni kubwa mno. Hapa hakuna anayejulishwa. Pakiti inatupwa kimya kimya, na aliyeituma anabaki akingojea.

Mnaona sasa kwa nini programu yenu inasema imeunganishwa. Pakiti ya kwanza ya salamu za WireGuard ina baiti 148 na jibu lake ni baiti 92. Hizo zinapita popote. Lakini mfumo wenu umepanga MTU, yaani ukubwa wa juu kabisa wa pakiti, ya baiti 1420 ndani ya VPN, na WireGuard huongeza baiti 60 juu yake inaposafiri kwa IPv4, hivyo pakiti iliyojaa inatoka ikiwa na 1480 na kukutana na njia isiyopitisha zaidi ya 1400. Ni sawa na kumpeleka mtumishi mwenye barua mkononi, akapita mlangoni, kisha mkaamini kwamba robota la mkonge nalo litapita. Ukurasa salama unapofunguliwa, jambo la mapema ambalo seva ya mnunuzi hufanya ni kutuma cheti chake, ambacho mara nyingi hujaza pakiti zaidi ya moja, na ndiyo maana kivinjari kinakwama kabla hata ya herufi ya kwanza kuonekana.

Ushahidi wa tatu mnao ninyi wenyewe. Nikichagua OpenVPN kwa TCP katika programu yenu, kurasa zinafunguka kwenye laini ile ile ya simu, kwa kuwa TCP ya nje hujipangia vipande vinavyopita. Msiniambie basi nibaki huko. TCP ikibebwa ndani ya TCP, kila pakiti inayopotea husababisha tabaka zote mbili kusubiri na kurudia kutuma, na laini ya simu hupoteza pakiti. Tena anwani yangu isiyobadilika mmeiweka kwenye WireGuard peke yake.

Mwisho nilipakua faili la usanidi kutoka ukurasa wa akaunti yangu, nikaliingiza katika programu ya kawaida ya WireGuard, na chini ya sehemu ya kwanza nikaongeza mstari mmoja:

```
[Interface]
MTU = 1340
```

Nimepata 1340 kwa kutoa 60 kutoka 1400. Nilipounganisha, ukurasa wa mnunuzi ulifunguka papo hapo. Hati ya kupakia meli, iliyoskaniwa kwa rangi na ambayo ilikuwa imekataa kupanda kwa siku kadhaa, ilipanda huku natazama asilimia zikikimbia. Hata data inayorudi ilikuja sawasawa, kwa sababu kompyuta huutangazia upande wa pili tangu mwanzo wa mazungumzo ya TCP ukubwa wa kipande inachoweza kupokea, na tangazo hilo hufuata MTU niliyoiweka.

Nilikuwa nimekusudia kuandika hapa kwamba mtu yeyote asinunue huduma hii, na kudai fedha zangu. Kusema kweli, baada ya mstari ule sina tena cha kulaumu katika seva zenu: kasi ni nzuri, anwani haijabadilika, na muunganisho haujakatika tangu hapo. Lakini kila ninapokumbuka kwamba ofisi nzima ilisimama, na mnunuzi akaanza kuuliza kama mzigo umeondoka kweli bandarini, kwa jambo ambalo fundi wenu angeligundua kwa ping mbili, nashindwa kuwapa nyota hata tatu. Nawapa mbili, na zote ni za seva. Kitengo cha msaada hakina hata moja.

Ninachohitaji kujibiwa ni mambo matatu tu. Je, programu yenu ya Windows ina mahali pa kuweka MTU, na kama haina, mtapaweka lini? Nimeitafuta katika mipangilio yote bila kuiona, na wenzangu ofisini hawawezi kila mmoja kuhariri faili kwa mkono. Je, mnaweza kushusha kiwango cha kuanzia hadi 1280 kwa wateja wa laini za simu? Mitandao ya simu nayo hufunga pakiti za wateja ndani ya pakiti nyingine, hivyo ofisi yangu haiwezi kuwa ya pekee, na 1280 ndicho kiwango cha chini ambacho IPv6 inakubali. Na je, mhudumu aliyeomba faili lenye ufunguo wa siri alifuata maagizo yenu, au alijiamulia? Kama ni maagizo yenu, nitabadilisha funguo zangu zote leo hii na kufunga akaunti, pamoja na uzuri wote wa seva nilioueleza.

Nimeambatisha kumbukumbu za programu, matokeo kamili ya ping kwa laini ya simu na kwa faiba, pamoja na faili la usanidi ambalo mstari wa `PrivateKey` umeondolewa. Halitatumwa kwa namna nyingine.

Mteja wenu,
Ngamiani, Tanga