Visikizi vya Bluetooth kwenye miwani ya uhalisia pepe: filamu sawa, ngoma hapana

Mvua ya Mbeya ikianza kupiga bati huku Uyole, spika ndogo za miwani yangu ya uhalisia pepe hazisikiki kabisa. Ndiyo maana nilishuka Mwanjelwa kununua visikizi vya Bluetooth.

Kuviunganisha hakukuwa kazi kubwa. Kila nilipofungua kikasha vilikimbilia simu, basi nikazima kwanza Bluetooth ya simu, nikashikilia kitufe cha kikasha mpaka taa ikaanza kumetameta, kisha nikavitafuta kwenye mipangilio ya miwani.

Nilianza na filamu, na maneno yalikwenda sawa na midomo. Nikafungua gemu ya kupiga ngoma, na hapo raha ikaniishia: mkono umeshainuka tena, ndipo mlio wa pigo unafika.

Nikataka kujua sauti inachelewa kiasi gani. Niliweka kisikizi kimoja kwenye maikrofoni ya simu, nikawasha kinasa sauti, nikabonyeza kitufe cha rimoti ya mkononi nikiwa kwenye menyu. Rekodi hunasa milio miwili, wa kitufe chenyewe na wa menyu unaoufuata. Kwenye programu inayoonyesha mawimbi ya sauti unapima umbali kati ya vilele hivyo viwili. Nilirudia mara 10. Visikizi vilinipa kama milisekunde 270, spika za miwani 70. Kwa hiyo karibu 200, moja ya tano ya sekunde, zinaongezwa na Bluetooth.

Muda huo unaliwa na kubana sauti, kuirusha, kuibanua, na zaidi akiba ndogo ambayo visikizi huiweka ili sauti isikatike. Filamu inasalimika kwa sababu kichezeshi kinaweza kuchelewesha picha ikaisubiri sauti. Gemu haiwezi kufanya hivyo, maana haijui nitapiga lini.

Hali ya gemu ya visikizi, inayopunguza ile akiba, ilinishusha kutoka 270 hadi 190 hivi. Nikaenda kwenye mpangilio wa gemu wa kusogeza sauti. Huo ulisaidia muziki, kwani wimbo unajulikana tangu mwanzo na alama za kupiga zinaweza kusogezwa ziufuate. Mlio wa pigo langu ulibaki nyuma vilevile. Kuhamishia Wi-Fi ya nyumbani kwenye GHz 5 kuliondoa kukatakata, kwa kuwa Bluetooth nayo hutumia GHz 2.4, lakini kuchelewa hakukupungua hata kidogo. Ni matatizo mawili tofauti, usiyachanganye.

Sasa ngoma napiga kwa visikizi vya waya. Nilipovipima, tofauti na spika za miwani haikuonekana. Waya nimeubana kwenye mkanda wa nyuma ya kichwa ili nisiuvute nikigeuka. Vya Bluetooth nimeviachia filamu, na kwa kazi hiyo navipenda sana. Ukienda kununua miwani, angalia kwanza kama ina tundu la waya la milimita 3.5, kwa sababu si zote zinalo.