Zahanati ya mtaani kwetu ilivyompokea mtoto aliyekunywa mafuta ya taa: uzoefu wangu

Zahanati hii ya binafsi naipa nyota mbili, na zote ni za mtu mmoja.

Juzijuzi mtoto wa mdogo wangu, wa mwaka mmoja na nusu, alikunywa mafuta ya taa yaliyowekwa kwenye chupa ya maji kando ya jiko la mpangaji mwenzetu. Alipaliwa palepale, akakohoa mpaka machozi. Tulimvua fulana iliyolowa, tukamwosha kwa sabuni, tukambeba wima mbio hadi zahanati na chupa yenyewe mkononi.

Muuguzi wa mapokezi hata kifua cha mtoto hakukitazama. "Hamjampa maziwa? Mtieni kidole atapike." Akanyoosha mkono amtie mwenyewe! Nikamzuia: "Dada, tafadhali, usimtapishe." Akanijibu mbele ya watu wote, "Kama unajua kuliko sisi, umefuata nini hapa?"

Nilifuata msaada, dada! Hatari kubwa ya mafuta ya taa iko kwenye mapafu. Ni mepesi mno, yanateleza hadi kwenye njia ya hewa, na kiasi kidogo tu kikiingia huko kinaleta nimonia. Ukimtapisha mtoto unayapitisha kooni mara ya pili. Maziwa nayo hayavunji sumu hiyo, yanamjaza tumbo tu na kumchochea atapike. Hata aliyekunywa jiki hatapishwi, maana kilichounguza koo kikishuka kitaliunguza tena kikipanda.

Kelele zetu ndizo zilizomtoa tabibu wa zamu. Bwana yule alimfunua mtoto kifua, akashika saa, akahesabu pumzi dakika nzima. Alitueleza kwamba kwa umri ule zikifika 40 kwa dakika, mtoto anapumua mbio. Hakumpitishia mpira tumboni, hakumwandikia antibaiotiki za kutuliza wazazi. Alisema hata picha ya kifua ikipigwa mapema mno inaweza kuonekana safi, kwa hiyo mtoto asirudishwe nyumbani kabla ya kupita muda wa saa 6, hata akicheza.

Na kweli alikuwa akicheza. Jioni pumzi zikafika 52, mbavu zikaanza kubonyea kila akivuta hewa. Tabibu hakungoja, akaandika rufaa, na hospitalini akawekewa oksijeni. Sasa mzima.

Kwa tabibu yule ningetoa nyota zote. Lakini anayekutana na mgonjwa kwanza ni yule wa mapokezi, na kidole chake kilikuwa kimeshafika mdomoni mwa mtoto. Hapana, hizo mbili nazifuta. Sifuri, mpaka wamfundishe.

Ukilazimika kwenda pale, ulizia tabibu kabla hujaketi, sema wazi mtoto amekunywa nini, na ukiambiwa maziwa au kidole, kataa.